Uchungu wa mbwa: saa inaanza kuhesabiwa lini?

Uchungu wa mbwa ni kazi yote ya mwili wa jike tangu mlango wa kizazi unapoanza kulegea mpaka mtoto wa mwisho na kondo lake la nyuma wanapotoka. Una hatua tatu: kufunguka kwa njia, kusukuma watoto, na kutoka kwa kondo. Huku Tanga, wengi wanaofuga mbwa wa ulinzi huukuta umekwisha. Asubuhi wanamwona jike amejichimbia nyuma ya banda, watoto wameshika chuchu, na hakuna aliyehitaji msaada. Mara nyingi ndivyo inavyokwenda. Shida huja siku anapokuwa mbele yako, anahema, mtoto haonekani, nawe hujui kama amepumzika au amekwama. Jibu la hapo linategemea kujua yuko hatua gani, kwa sababu saa za hatua ya kwanza hazihesabiwi kama za hatua ya pili.

Anza na tarehe. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tangu mayai yapevuke. Ukihesabu tangu siku aliyopandwa, unaweza kupata siku 57 mpaka hata 72, kwa kuwa mbegu za dume huishi tumboni siku kadhaa zikisubiri yai. Kwa hiyo siku ya kupandwa inakwambia wiki ya kujiandaa, haikwambii usiku wenyewe. Kinachokwambia ni kipimajoto. Nunua kile cha dijitali duka la dawa, kitenge kwa ajili ya mbwa tu, paka mafuta ya mgando kwenye ncha, kisha mpime njia ya haja kubwa asubuhi na jioni katika wiki ya mwisho. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likishuka chini ya 37.8, uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Linashuka kwa sababu homoni ya projesteroni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia mimba, imekwisha katika damu. Baadaye hupanda tena, na ndiyo maana anayepima mara moja tu kwa siku anaweza kulikosa.

Mahali pa kuzalia paandaliwe wiki moja kabla ili apazoee. Boksi la mbao linaloweza kumtosha amelala amejinyoosha linafaa, likiwa na ukingo mfupi upande mmoja ili aingie na kutoka, na ndani utandike magazeti na vitambaa safi vinavyoweza kutupwa. Liwekwe kivulini, mbali na bati linalochoma mchana. Mama hapati shida na baridi ya pwani, lakini watoto wachanga hawawezi kujitengenezea joto, na sakafu ya saruji usiku wa mvua za masika inatosha kuwaua. Pale chini wanapolala wanahitaji nyuzi 29 hadi 32 siku za mwanzo. Weka karibu glavu, taulo mbili tatu zilizotengwa kwa kazi hiyo, uzi uliochemshwa na dawa ya iodini. Glavu na taulo za pekee zinasaidia pia nyumba ambazo watu wake hawataki mate ya mbwa yaguse nguo za kuswalia. Jambo kubwa kuliko yote ni simu. Mpigie daktari wa mifugo mapema umuulize wazi: je, anaweza kumfanyia mbwa upasuaji usiku, na kama hawezi, ni nani anayeweza? Ofisa mifugo wa kata anaweza kuwa mzuri sana kwa ng'ombe na asiwe na vifaa vya kumpasua mbwa. Swali hilo si la kuulizwa saa nane za usiku.

Sasa tumfuate jike mmoja mlinzi, wa ukubwa wa kati, wa nyumba moja Pongwe. Hii ni mimba yake ya pili. Alhamisi jioni kipimajoto kinaonyesha 37.4. Ijumaa asubuhi anaukataa ugali wake wa dagaa, anachimba mchanga chini ya mwembe, anaingia boksini, anatoka, anahema mdomo wazi, anatetemeka kidogo na kutapika mara moja. Hiyo ni hatua ya kwanza. Kizazi kinabana na kuachia ndani kwa ndani, mlango unafunguka, lakini tumboni kwa nje huoni kitu. Kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 12, na kwa jike anayezaa mara ya kwanza hata saa 24. Kumsumbua humchelewesha. Watoto wa jirani waliokuja kuchungulia warudishwe kwao, abaki mtu mmoja anayemzoea. Kinachotakiwa kwenye daftari ni saa ya kila kitu: lini aliacha kula, lini alianza kuchimba, na hasa lini alianza kusukuma.

Saa kumi alasiri anaanza kusukuma. Anainua mkia, misuli ya tumbo inakaza kwa nguvu ambayo hata aliyesimama mlangoni anaiona, na mgongo unajikunja kama anayetafuta choo. Hapo ndipo hatua ya pili inaanza na hapo ndipo unaanza kutazama saa kwa macho makali. Saa kumi na nusu chupa inaonekana, kifuko cha maji chenye rangi ya kijivu, na mtoto wa kwanza anatoka, akifuatiwa na kondo lake. Mama anararua kifuko, anamlamba, anakata kitovu kwa meno. Ikipita dakika moja hajararua, fanya wewe: fungua utando puani na mdomoni kwanza, futa ute, kisha msugue mtoto kwa taulo mpaka alie. Kitovu kifungwe kwa uzi kama sentimita mbili kutoka tumboni, ukate upande wa nje wa fundo na upake iodini. Wapo wanaomrusha mtoto huku na huku ili maji yatoke mapafuni. Acheni, ubongo wake unaumia.

Wa pili anazaliwa saa kumi na moja na robo akitanguliza miguu ya nyuma. Wenye nyumba wanashtuka, lakini kwa mbwa hilo ni jambo la kawaida, watoto wengi huja hivyo. Kinachotia shida ni mtoto anayetanguliza mkia na matako huku miguu imejikunja mbele, maana hana kitu chembamba cha kufungulia njia. Baada ya wa tatu, jike analala, ananyonyesha, anakunywa maji. Saa nzima inapita bila kusukuma. Huyu amepumzika. Mapumziko ya nusu saa hadi saa moja ni ya kawaida, na hata saa mbili zinavumilika ikiwa ametulia. Zikipita hizo na bado unahisi watoto tumboni, piga simu. Usizifikishe nne.

Saa moja na nusu usiku anaanza tena kusukuma, kwa nguvu, mfululizo. Saa mbili kamili hakuna kitu kilichotoka. Hapo hakuna mjadala, daktari anapigiwa. Ukiwatazama juu juu, jike aliyelala saa nzima na huyu aliyesukuma nusu saa wanaonekana kama wa kwanza ndiye wa kutia wasiwasi. Ni kinyume. Kusukuma kwa nguvu kwa dakika 20 hadi 30 bila mtoto mara nyingi maana yake njia imezibwa, na kila dakika inayoongezeka inamchosha mama na kubana hewa ya mtoto. Daktari aliyefika alivaa glavu, akapaka mafuta ya kulainisha, akagusa ndani mkia wa mtoto. Alimrudisha mtoto nyuma kidogo, akachomoa mguu mmoja kisha wa pili, akamtoa. Alikuwa hai. Mtoto wa tano alifuata mwenyewe. Mkono wa daktari ungeshindwa, njia iliyobaki ingekuwa upasuaji.

Iko dalili nyingine ambayo haisubiri saa yoyote: ute wa kijani kibichi iliyokoza kabla ya mtoto wa kwanza. Rangi hiyo hutoka kwenye kingo za kondo linapobanduka ukutani mwa kizazi. Ukiuona baada ya mtoto mmoja kuzaliwa, hauna ubaya wowote, kondo zinatoka na ni kawaida. Ukiuona wakati hajazaliwa hata mmoja, kuna mtoto ambaye kondo lake limeshaachia na hapati hewa. Mpelekeni kwa daktari mara moja. Vivyo hivyo damu mbichi inayochuruzika bila kukoma, mtoto aliyetoka nusu akakwama, mama aliyelegea asiyeweza kusimama, au joto lililoshuka tangu jana na saa 24 zimepita pasipo uchungu. Hili la mwisho huwapata zaidi majike wenye mtoto mmoja tu tumboni, kwa kuwa mtoto mmoja huenda asitoe ishara ya kutosha ya kuuanzisha uchungu.

Kwa mtoto aliyekwama nusu nje na daktari bado yuko njiani, mshike kwa taulo kavu, vuta polepole kuelekea chini na nyuma, na wakati mama anasukuma tu. Usivute mguu mmoja peke yake.

Nasisitiza juu ya sindano ya oksitosini. Iko kwenye maduka ya dawa za mifugo, na huwa mtu anasema, mchome moja, watatoka. Oksitosini hukibana kizazi. Kama mtoto amekaa vibaya au mlango haujafunguka, unakibana kizazi dhidi ya njia iliyofungwa, na kinaweza kupasuka. Daktari huitoa akishagusa na kujua njia iko wazi, tena kwa kiasi kidogo sana. Nyumbani isitumike.

Hatua ya tatu, kutoka kwa kondo, inakwenda sambamba na ya pili: kwa kawaida kila mtoto na lake, ndani ya robo saa, ingawa mara nyingine hutoka mawili pamoja baada ya watoto wawili. Zihesabu. Mama akila moja au mbili hakuna neno, akizila zote ataharisha. Moja ikikosekana huku anakula na joto liko chini ya 39.5, mwangalie tu. Majimaji mekundu ya kahawia yataendelea wiki tatu hivi. Yakinuka, au akipata homa na kuwatupa watoto, kizazi kimeingia uchafu na anahitaji dawa ya daktari siku hiyo hiyo.

Wiki za kunyonyesha zina hatari yake, hasa kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi. Kalisiamu ya damu huisha ikienda kwenye maziwa. Jike anakuwa hatulii, anatembea miguu imekakamaa, anatetemeka, kisha anapata degedege. Watenge watoto naye mara moja na umkimbize kwa daktari, kwa sababu anahitaji kalisiamu ya mshipani inayoingizwa polepole huku moyo ukisikilizwa. Wapo wanaompa jike vidonge vya kalisiamu wakati wa mimba wakidhani wanaikinga hali hii. Vinaiongezea nafasi, kwa kuwa mwili unaoletewa kalisiamu nyingi huacha kuichota mifupani, na siku maziwa yanapoihitaji kwa wingi haujui tena kuitoa haraka. Mpe chakula kizuri na cha kutosha wakati wa mimba. Vidonge, kama vipo, viwe vya baada ya kuzaa na kwa maelekezo ya daktari.