Waveform na Vectorscope: kusoma mwanga na rangi ya video pale macho yanapokudanganya

Kuna klipu moja ya harusi niliigredi, yaani nilirekebisha mwanga na rangi yake, usiku wa manane, chumbani balbu ya njano inawaka, nimechoka lakini naona kitu kimekaa vizuri, nikasevu nikalala na amani zangu. Asubuhi nafungua dirisha mwanga wa jua unaingia, naangalia tena, nakuta bibi harusi kama kapakwa manjano na gauni lake limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Faili halijaguswa na mtu, monita ni ileile. Kilichobadilika ni macho yangu.

Maana jicho halipimi rangi, linalinganisha. Ukikaa nusu saa chini ya balbu ya njano ubongo unaizoea ile njano na kuichukulia kama ndo nyeupe, sasa ukigeukia kioo cha kompyuta chenye nyeupe ya kweli unaiona ina ubluu, unaongeza njano kidogo, unaridhika, kumbe unaharibu. Mwanga nao hivyohivyo: kwenye chumba cha giza picha inaonekana inang'aa kuliko ilivyo kwahiyo unaishusha, halafu mteja anaifungua kwenye simu saa nane mchana akiwa kwenye daladala haoni kitu. Mnaikumbuka ile picha ya gauni iliyozunguka dunia nzima Februari 2015, nusu ya watu wanaapa ni nyeupe na dhahabu, nusu wanasema bluu na nyeusi? Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi, picha ni moja, ila kila ubongo ulikisia kivyake taa iliyokuwa inalimulika.

Hapo ndo skopu zinapoingia. Skopu ni chati inayosoma namba za pikseli moja kwa moja, haijui chumba chako kina balbu gani na wala haichoki. Mi natumia DaVinci Resolve, unaziwasha kwa `Workspace > Video Scopes > On`, lakini softwea karibu zote za kuedit zinazo na kazi ni ileile. Zipo kadhaa, ila kwa mwanga na rangi utakazoishi nazo ni Waveform na ndugu yake Parade, halafu Vectorscope.

Waveform inapima mwanga. Kushoto kwenda kulia ni kushoto kwenda kulia ya picha yenyewe, yaani mtu akisimama kushoto mwa fremu alama zake zitakuwa kushoto mwa chati. Ila juu na chini siyo juu na chini ya picha, na hapa ndo wengi wanachanganyikiwa, juu maana yake ni angavu na chini ni giza. Kiatu cheupe kilichopo chini kabisa ya fremu kitakaa juu kwenye chati, nywele nyeusi zilizopo juu ya fremu zitakaa chini. Kwenye Resolve kipimo kinaanzia 0, ambapo ni weusi mtupu, mpaka 1023, nyeupe ya mwisho. Parade ni kitu hichohicho kimegawanywa mara tatu, nyekundu peke yake, kijani peke yake, bluu peke yake, zimepangwa pembeni kwa pembeni. Kumbuka tu kwamba kitu kisicho na rangi, iwe nyeupe, kijivu au nyeusi, nyekundu na kijani na bluu zake zinalingana. Ukilishika hilo, Parade inasomeka yenyewe.

Turudi kwa bibi harusi wangu. Nilifuta gredi yote nikaanza upya, mchana safari hii lakini macho kwenye chati. Ukumbi ulikuwa na taa za njano na white balance ya kamera ilikuwa imefungwa kwenye 5600K, ambayo ni ya mwanga wa mchana, kwahiyo rangi ya chungwa imejaa toka kwenye kurekodi. Nikatafuta vitu viwili visivyo na rangi, gauni jeupe na suti nyeusi ya bwana harusi. Kwenye Parade, gauni lilikuwa limefika kama 880 kwenye nyekundu, 760 kwenye kijani na 590 tu kwenye bluu. Suti, zote tatu zinacheza kwenye 70. Angalia hiyo maana ndo jibu lenyewe: giza liko sawa, tatizo liko kwenye angavu. Kwahiyo dawa ni `Gain`, ambayo inavuta zaidi sehemu za juu, siyo `Offset` ambayo inasogeza picha nzima na ingenipa suti ya bluu.

Nikashusha nyekundu kwenye `Gain`, nikapandisha bluu, kijani nikaigusa kidogo sana, mpaka vichwa vya zile alama tatu za gauni vikakaa mstari mmoja kwenye 780 hivi. Kwanini nisilifikishe 1000 wakati ni jeupe? Kwasababu gauni lina shanga, na shanga zinametameta juu ya kitambaa, ukikipeleka kitambaa juu kabisa shanga hazina pa kwenda, zinameza kila kitu na unabaki na doa jeupe. Bluu ya suti nayo ilinyanyuka kidogo na `Gain` ikafika 90 na ushee, nikairudisha kwa `Lift`, ambayo inagusa zaidi sehemu za giza. Halafu nikarudi kuangalia gauni maana ukigusa huku kule kunatikisika, unazunguka hivyo mara mbili tatu mpaka vitulie. Kitu kingine utakachokiona, bluu ikipandishwa sana inakuja na chengachenga kwenye sehemu za giza, kwasababu taa ya njano haina bluu ya kutosha na wewe unakuza kidogo kilichopo.

Hapohapo Waveform inakwambia na kile kisichookoka. Ukiona alama zimegonga 1023 zikalala bapa kama zimekatwa kwa rula, hizo zimeungua. Ishushe `Gain` uone: kama kitambaa kina uhai, ule mstari utaanza kuachana na kuonyesha mikunjo, ila kama kamera iliunguza toka mwanzo utashuka ukiwa bapa vilevile mpaka 900, na gauni linakuwa kijivu kisicho na mkunjo hata mmoja. Hapo usijisumbue, urudishe juu uendelee na maisha.

Sasa uso, na hapa nina neno langu. Utakuta mafundisho mengi yanasema uso ukae asilimia 70 ya Waveform. Hiyo ni ya ngozi nyeupe jamani. Ukimpeleka huko mtu mweusi wa kawaida unampausha anakuwa kama kajipaka jivu, na sehemu kubwa ya video za harusi zetu zenye nyuso za kijivu zimetokea hapo. Mi kwa ngozi zetu shavu lenye mwanga nalilaza katikati ya 300 na 450 kutegemea na mtu, paji la uso likiwa na jasho au mafuta linaruka juu zaidi na ni sawa, ndo linavyotakiwa kung'aa. Bibi harusi wangu shavu lilikuwa 260, nikanyanyua `Gamma`, ambayo inagusa zaidi mwanga wa katikati, mpaka shavu likafika 400 hivi, gauni likapanda nalo likakaribia 850, nikalirudisha kwa `Gain` kidogo.

Mwanga umekaa, tuje Vectorscope. Hii haijali mwanga kabisa, wala haijali kitu kiko wapi kwenye fremu. Ni duara. Katikati hakuna rangi, ukitoka nje ndo rangi inavyokolea, na upande unaoelekea ndo aina ya rangi. Kuna viboksi vya nyekundu, njano, kijani na wenzake kukuonyesha njia. Na kuna mstari mmoja unauwasha kwenye settings za skopu, unaitwa Skin Tone Indicator, unapita katikati ya nyekundu na njano, ukiufikiria kama saa ya ukutani unaelekea kwenye namba 11, yaani saa tano kwa hesabu zetu. Rangi ya ngozi ya binadamu, mweusi mweupe Mhindi Mchina, inaangukia karibu na mstari huo, kinachotofautiana sana ni mwanga na ukolevu. Ndomaana huu mstari unatufaa hata sisi wakati ile asilimia 70 haitufai.

Ukiangalia fremu nzima hutauona uso, maua ya ukumbi na mapazia yanajaza duara. Kwahiyo nikaongeza nodi mpya, yaani hatua nyingine ya marekebisho baada ya ile ya kwanza, nikachora `Power Window` ndogo, umbo la kuteua sehemu ya picha, kwenye shavu, nikawasha `Highlight` inayoonyesha rangi ya sehemu iliyoteuliwa tu, na Vectorscope ikabaki na kijimkia kimoja cha shavu tu. Kilikuwa kimelalia kidogo upande wa njano, nikazungusha `Gamma` kwenye nodi ya kwanza kuelekea nyekundu kwa kiasi kidogo sana kikakaa kwenye mstari. Urefu wake nikauacha kama theluthi ya njia kuelekea kiboksi, kikivuka nusu ngozi inaanza kuonekana kama tofali. Halafu ukimaliza ifute hiyo nodi ya kupimia, mi nilishawahi kuisahau, nikaendelea kugredi juu yake nikawa narekebisha shavu peke yake bila kujua.

Ile nyeupe nayo unaihakiki hapa, gauni likiwa jeupe kweli alama zake zinarundikana katikati ya duara. Ila muulize kwanza mwenye gauni! Siku hizi mengi ni krimu, na krimu inatakiwa isogee kidogo upande wa njano, ukiilazimisha kukaa katikati umembadilishia mtu nguo na uso unaenda kwenye ubluu. Kama huna uhakika tafuta shati la bwana harusi au karatasi ya programu mezani.

Na kuna sehemu skopu zenyewe usizitii. Wakati wa kukata keki ukumbi ulizima taa zikabaki zile za zambarau za jukwaani, uso ukaruka mbali na mstari mpaka upande wa zambarau. Ukiuvuta mpaka mstarini unaua taa ambazo watu wamelipia, tena unabaki na uso wa kijivu-kijani wa ajabu. Hapo nilitumia Waveform tu kuhakikisha uso unaonekana na zambarau haijagonga juu, rangi nikaiacha. Vilevile tukio la mishumaa halina sababu ya kufika 1000, chati ikikaa chini ndo ukweli wa pale. Na kama umerekodi kwa log, yaani ile picha iliyopauka inayosubiri kugrediwa, soma chati baada ya kubadilisha kwenda Rec.709, rangi za kawaida za video, kabla ya hapo kila kitu kimejibana katikati na namba zote nilizotaja hazina maana.

Klipu ya mwisho niliitazama tena usiku, chini ya balbu ileile. Nikaiona ina ubluu, nikaangalia Parade, nyekundu kijani na bluu za gauni bado zinalingana, nikainuka nikazima balbu.