Nafasi za mkoa katika kuchagua washiriki wa mafunzo

Nafasi za mkoa ni viti vinavyotengwa ili kila mkoa upate angalau idadi fulani ya washiriki, hata kama alama za waombaji wake ni za chini kuliko za wengine. Haziondoi alama: ndani ya mkoa, wenye alama za juu ndio wanaoingia.

Tuchukue mafunzo ya kubebesha miche ya parachichi yanayofanyika Mbeya. Nafasi ni 20, waombaji 86, kutoka Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa. Kila mkoa umetengewa viti 2. Vinavyobaki 10 ni vya wazi. Alama ya chini ya kukubalika ni 50 kwa 100.

Watu wengi hukwama kwenye swali la kipi kijazwe kwanza. Ukianza na viti vya mkoa, wale wawili bora wa Njombe, ambao wangepita hata kwenye viti vya wazi, wanahesabiwa kwenye viti vya mkoa wao. Ukianza na viti vya wazi, Njombe inaweza kuchukua 6 huko, kisha ikaongezewa 2 juu yake. Fomu ni zilezile, alama zilezile, majina tofauti. Kama nia ni kuhakikisha tu kwamba hakuna mkoa unaokosa kabisa, bila kuuongezea ulioshinda tayari, anza na viti vya mkoa. Uamuzi huo uandikwe kabla fomu hazijafunguliwa. Ukifanywa baadaye, hata kwa nia njema, utaonekana umepangiwa mtu.

Rukwa ikiwa na mmoja tu aliyefikisha 50, kiti chake cha pili kinahamia kwenye vya wazi, ambavyo sasa vinakuwa 11. Usishushe alama ya chini ili kukijaza.

Kila fomu isomwe na watu wawili bila kuonyeshana alama, na wakipishana kwa zaidi ya 15, asome wa tatu. Kosa la kawaida ni kugawana fomu kimkoa: msomaji mbahili akipewa Iringa peke yake, Iringa nzima inaanguka. Changanyeni fomu kwanza.

Sasa waliokosa. Mwombaji wa Njombe mwenye 68 anaweza kukosa huku wa Songwe mwenye 57 akiingia, na habari itamfikia tu. Afadhali aisikie kwenu, siku ileile wanayojulishwa waliochaguliwa. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, jibu likiwa mwanzoni:

“Ombi lako la mafunzo ya miche ya parachichi halikupata nafasi. Waombaji 86, nafasi 20, viti 2 kwa kila mkoa. Ukitaka alama zako, jibu ALAMA.”

Anayeuliza apewe alama zake kipengele kwa kipengele, si za mwenzake. Maneno ya “usikate tamaa, tutakuita awamu ijayo” yaachwe kama awamu hiyo haijapata fedha. Walio akiba hawamo kwenye kundi hili: waambiwe ni wa ngapi na tarehe ya mwisho ya kusubiri, na kiti cha mkoa kikiachwa, anaitwa kwanza wa akiba wa mkoa huohuo.