Moja, saba na nne kwenye daftari la zamani: tunayodhani na yaliyopo

Anayenakili daftari la kodi au la ubatizo la enzi ya Mjerumani Tanganyika huogopa zaidi majina. Kwa kweli majina yana huruma. Ukisoma jina vibaya, mara nyingi utaona mwenyewe kwamba hakuna mtu anayeitwa hivyo. Lakini 41 ukiisoma 47, bado ni namba nzuri tu. Inakaa kwenye safu yake, inajumlishwa na wenzake, na hakuna anayeishtukia. Tatizo hukaa kwenye tarakimu chache sana, na kuzihusu kuna imani ambazo watu hurithishana bila kuzipima.

"Saba ni ile yenye mkato. Isiyo na mkato ni moja."

Kanuni hii inasikika vizuri na ndiyo inayopoteza watu wengi. Mkato katikati ya saba ni ushahidi pale tu unapojua kwamba mwandishi huyo huuweka kila mara. Wapo waliouweka wakiwa wametulia na kuusahau wakiwa na haraka, na haraka huongezeka kadiri unavyoshuka chini ya ukurasa.

Kuna na suala la kalamu yenyewe. Makarani wa wakati ule waliandika kwa nibu ya chuma. Mkono ukishuka, nibu hupanuka na wino hutoka mnene. Mkono ukipanda au ukienda pembeni, mstari huwa mwembamba kama unywele. Sasa angalia inavyokuwa kwenye tarakimu zetu. Moja ya Kijerumani ina mstari mwembamba unaopanda, kisha shina nene linaloshuka. Saba ina kichwa chembamba kinachokwenda pembeni, shina nene, na mkato mwembamba. Vitu vyote vinavyotofautisha moja na saba ni vyembamba, na wino ukififia au nakala ikitolewa kwa mwanga mkali, hivyo ndivyo hupotea kwanza. Kinachobaki ni mashina mawili manene, yote yameinama kidogo. Ndiyo maana ukurasa halisi, ukiushika ukiwa umeinamishwa kwenye mwanga wa dirisha, huonyesha mkwaruzo wa nibu ambao picha haina habari nao.

Kwa hiyo mkato usiupe kazi ya kuamua peke yake. Angalia kibawa, yaani ule mstari mwembamba wa kushoto, kinaanzia wapi. Kwenye moja ya Kijerumani huanzia chini, nusu ya urefu wa tarakimu au hata karibu na mstari wa kuandikia, hupanda hadi kileleni na kukutana na shina kwa pembe kali. Anayesoma kwa macho ya shule ya Kiingereza, iliyomfundisha kwamba moja ni mstari mmoja tu, akiona kibawa hicho husema saba bila kusita. Kwenye saba kichwa huanzia juu, huenda pembeni, na mara nyingi mwanzo wake una kindoano kidogo kinachoning'inia.

Na kabla ya kusoma safu yenyewe, jifunze mkono wa karani mahali ambapo jibu linajulikana. Namba za mfululizo pembeni mwa ukurasa ni hazina: baada ya 10 inakuja 11, na 17 haina budi kuwa kati ya 16 na 18, hata iwe mbaya namna gani. Tarehe pia husaidia, kwa kuwa hakuna siku ya 71 ya mwezi. Chora moja zake tatu nne na saba zake tatu nne kwenye karatasi, uiweke kando yako unaposoma.

"Kabla ya 1916 ni mkono wa Kijerumani, baada ya hapo ni wa Kiingereza."

Waingereza waliingia Moshi, Tanga na Dar es Salaam mwaka 1916, na ni kweli kwamba vichwa vya fomu na majina ya fedha vilibadilika. Mkono wa mtu haubadiliki kwa kushushwa bendera. Karani aliyejifunza tarakimu zake katika shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa katika miaka ya 1890, aliendelea na moja yake yenye kibawa hata alipokuwa akihesabu shilingi na senti. Upande wa Kigoma, Wabelgiji walishika hadi 1921, nao pia ni watu wa saba yenye mkato na moja yenye kibawa, kama Wafaransa na Waitalia. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na mikono miwili: aliyejaza safu na aliyekuja kukagua na kuandika jumla. Mkaguzi akiwa wa shule ya Kiingereza, saba yake haina mkato, na ukiisoma kwa kanuni ya karani utaigeuza kuwa moja.

Pwani kuna mtego mwingine. Katika hati za wafanyabiashara zilizoandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, sita inafanana sana na saba yetu, na nane ina umbo la paa la nyumba, karibu kabisa na moja ya Kijerumani yenye kibawa kirefu. Mtu akichanganya mifumo miwili kwenye ukurasa mmoja, ni lazima kwanza uamue uko kwenye mfumo upi.

"Nne iliyo wazi juu ni uzembe wa mwandiko."

Hapana. Ni umbo halali ambalo watu wengi hufundishwa hivyo tangu mwanzo, na ndilo kikokotoo chako cha mezani huonyesha. Tena, ikiandikwa vizuri ni salama kuliko nne iliyofungwa, kwa kuwa uwazi wake wa juu unaitenga na tisa. Hatari huja mikono yake miwili inapoinamiana hadi kugusana. Hapo usiangalie juu, angalia kulia. Nne ina kistari cha pembeni kinachokata shina na kuchomoza kidogo upande wa kulia. Tisa haina kitu kinachochomoza huko.

"Jumla ikikubali, safu imesomwa sawasawa."

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Chini ya utawala wa Kijerumani kodi ya vibanda ilianza mwaka 1898, na kibanda cha kawaida cha kijijini kilitozwa rupia 3. Tutunge ukurasa wa mfano wenye safu mbili, vibanda na rupia, wa vijiji vitano. Karani aliandika hivi:

| Kijiji | Vibanda | Rupia |
|---|---|---|
| cha kwanza | 41 | 123 |
| cha pili | 17 | 51 |
| cha tatu | 31 | 93 |
| cha nne | 42 | 126 |
| cha tano | 21 | 63 |
| Jumla | 152 | 456 |

Msomaji ana nakala iliyofifia. Kwenye safu ya vibanda, moja zinazokaa nyuma ya tarakimu nyingine zina kibawa kirefu, naye anaziona saba. Anaandika 47, 17, 37, 42, 27. Anajumlisha, anapata 170. Chini ya ukurasa pameandikwa 152, tena wazi kabisa. Tofauti ni 18.

Watu wa hesabu wana kanuni yao ya zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizopinduliwa. Kanuni ni sahihi, kwa maana kwamba kupindua tarakimu huleta daima tofauti inayogawanyika kwa 9. Msomaji wetu anatafuta, anakuta 42. Akiipindua iwe 24 anapunguza 18 kamili, na jumla inakuwa 152. Anafurahi, anafunga daftari. Sasa ana mistari minne iliyokosewa kati ya mitano, na jumla inayokubali.

Kilichotokea ni kwamba moja ikisomwa saba huongeza 6. Makosa matatu ya aina hiyo kwenye safu ya mamoja huongeza 18, na 18 inagawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Kosa moja peke yake lingeacha tofauti ya 6, au 60 likiwa kwenye makumi, na hapo kila mtu angeishuku saba mara moja. Nne ikisomwa tisa huongeza 5 au 50. Lakini hata tofauti hizi zina wagombea wengine: 6 hutokea pia sifuri ikisomwa sita, na 5 hutokea tatu ikisomwa nane. Tofauti inakuambia uanze kutafuta wapi, haikupi jibu. Na kuna safu ambayo moja imesomwa saba mahali pamoja na saba ikasomwa moja mahali pengine. Hiyo haina tofauti hata kidogo, na jumla itakubali huku ikikudanganya.

Kinachookoa ni kukagua kwa kwenda pembeni. Kila mstari una vibanda na rupia, na rupia lazima ziwe mara tatu ya vibanda. 47 mara 3 ni 141, ila pameandikwa 123. 37 mara 3 ni 111, pameandikwa 93. 27 mara 3 ni 81, pameandikwa 63. Mistari hiyo mitatu inajitangaza yenyewe. Na 42? Mara 3 ni 126, na 126 ndiyo iliyopo. Kumbe mstari pekee aliourekebisha ndio uliokuwa sahihi.

Angalia pia kwamba tarakimu za upande wa rupia, ukiacha ile moja ya 51, hazikuwa kwenye hatari ile ile. Katika 123 na 126 moja iko mbele, na hakuna wa kuisoma 723 kwa kijiji cha vibanda arobaini na kitu. Ni kazi nzuri ya safu ya pili: inaliandika jambo lile lile kwa tarakimu nyingine. Daftari la mvua lenye jumla ya kila siku na ya kila mwezi halina msaada huo. Hapo utategemea mkono wa karani na namba zake za mfululizo, basi.

"Pakiwa na shaka, andika ile inayofanya jumla ikubali."

Mwenye tabia hii anafuta ushahidi. Jumla yenyewe iliandikwa na binadamu, na makarani nao walikosea kujumlisha. Ukilazimisha safu ikubaliane na jumla mbovu, unahamisha kosa la aliyejumlisha kwenda kwenye kijiji ambacho hakikuwa na kosa lolote. Andika unachokiona, na pale usipoweza kuamua weka zote mbili kwenye mabano ya mraba: 4[1/7]. Kisha kwenye safu ya pembeni andika unayodhani ndiyo na sababu yake kwa maneno machache, kwa mfano "41, kwa kuwa rupia ni 123". Jumla ya karani inakiliwa kama ilivyo, na jumla uliyoipata wewe inakaa chini yake kwenye mstari wake mwenyewe.