Twende kilioni ya kwenye picha: kwa nini nywele za singa hazisukiki kwa kompyuta

Tangu msimu wa harusi uanze, dawati la picha la chuo chetu hapa Bagamoyo limepokea malalamiko mengi kuhusu nywele. Wapo waliolipa studio za mtaani wabadilishiwe nywele za singa ziwe za kusuka au za kujikunja, wakarudishiwa picha ambayo hata mtoto anaona ina kasoro. Wapo pia wasusi waliooneshwa picha ya msuko, wakashindwa kuutoa, wakaambiwa hawajui kazi, kumbe msuko wenyewe haukuwahi kuwapo kichwani mwa mtu yeyote. Uongozi umeniomba nitoe ufafanuzi. Naamini wenye studio wengi hawana nia mbaya, na wateja nao hawaombi jambo la ajabu. Tatizo ni kwamba pande zote mbili zinaidhania kazi hii kuwa ndogo.

Kauli tunayoisikia kila siku dawatini ni hii: "Badilisha nywele tu, uso uache kama ulivyo." Kubadilisha rangi ya nywele, sawa, hilo linafanyika mara moja, kwa sababu nywele zinabaki palepale na rangi inapita juu yake. Kubadilisha singa kuwa msuko ni kazi nyingine kabisa. Nywele zilizopo zinaondolewa zote, na kila kilichokuwa nyuma yake kinabidi kitengenezwe upya: sikio, shingo, umbo la kichwa, ukosi, hata ukuta au bahari iliyo nyuma ya mtu. Kamera haikupiga sikio lililofunikwa. Halimo kwenye picha, na hakuna kitufe cha kulifichua.

Nitaeleza kwa kazi moja tuliyoipokea, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mama mmoja alipigwa picha ufukweni saa kumi jioni, bahari ikiwa nyuma yake, nywele zake za dawa zimeshuka hadi begani na kanga imetandazwa mabega yote mawili. Familia ilitaka picha hiyo ionekane amesuka twende kilioni, mistari minane ya kwenda nyuma, ifanane na za dada zake. Alikuwa ameshaipeleka studio kwanza, hivyo tulipokea faili mbili: ya awali na ya studio.

Ya studio ilikuwa na makosa matatu yanayojirudia karibu katika kila kazi ya aina hii. La kwanza ni jua. Bagamoyo bahari iko mashariki, kwa hiyo anayeipa mgongo jioni anatazama jua, na siku ile lilimpiga zaidi upande wa kulia kwake. Msuko uliobandikwa ulitolewa kwenye picha ya mtu mwingine aliyemulikwa kutoka kushoto kwake. Uso ukawa na jua lake na kichwa na jua lake.

La pili ni kivuli. Nywele za upande wa kulia zilikuwa zimetupa kivuli chembamba shavuni na kingine kipana shingoni. Nywele zikafutwa, vivuli vikaachwa. Ukimtazama unaona shavu lina alama ya kitu ambacho hakipo.

La tatu nililiona kwenye bahari. Ili kupunguza upana wa nywele, fundi alitumia zana ya Liquify iliyomo ndani ya Photoshop, akazisukuma ziingie kichwani. Zana hiyo haisukumi nywele peke yake, inasukuma kila kilicho chini ya brashi. Mstari wa bahari na anga, ambao siku zote umenyooka, ukapinda karibu na sikio.

Sisi tulianza na fuvu. Msuko wa twende kilioni unalala juu ya ngozi, kwa hiyo umbo la kichwa linaonekana lote, na ukilikosea mtu anageuka mtu mwingine hata kama uso hukuugusa. Kipimo tunachowafundisha wanafunzi ni kwamba, kwa mtu mzima anayetazama mbele, macho yapo karibu katikati ya urefu kutoka kidevuni hadi utosini. Ukipima kidevu hadi macho, unajua utosi uishie wapi. Sikio nalo, kichwa kikiwa sawa, linakaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Tuliomba picha nyingine za siku ileile, tukapata moja ambayo upepo ulikuwa umepeperusha nywele na sikio la kulia likaonekana. Bila picha ile tungekataa kazi, kwa sababu sikio la kubuni ndugu zake wangelijua mara moja.

Kisha ikaja kanga. Nywele zilikuwa zimeficha sehemu ya pindo begani. Bahari unaweza kuijaza kwa kunakili kipande cha jirani, lakini pindo la kanga lina mchoro unaojirudia kwa hatua sawa, na kitambaa kimejikunja. Mchoro ukiruka hatua moja, jicho linakwama hapo. Sehemu hii ndogo ilichukua muda mrefu kuliko uso mzima.

Ndipo tukafika kwenye mistari yenyewe. Msusi akichana njia kwa kitana anafuata mviringo wa kichwa. Mistari ya katikati inaonekana mipana, ile ya pembeni inaonekana kusongamana kwa sababu kichwa kinageuka, na yote inakimbilia kisogoni. Aliyezoea kompyuta huchora mistari iliyonyooka, yenye upana sawa, na matokeo yake ni kichwa bapa kama kimepigwa pasi. Baada ya mistari ni pingili. Kila pingili ya msuko ina mgongo wake unaopata mwanga na bonde lake lenye giza, kama ukili uliosukwa na kushikwa juani, na kadiri msuko unavyokwenda nyuma pingili zinaonekana kuwa fupi. Ukichukua pingili moja ukainakili mara arobaini, jicho linashtuka hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Tulipinda kila msuko peke yake kwa Warp, tukaweka giza la njia kwenye tabaka lililowekwa Multiply, yaani linalotia giza kilicho chini yake, na mbele kabisa tukachora nywele za malaika za pembezoni mwa paji la uso kwa brashi ya pikseli moja au mbili. Msuko usio na malaika pale mbele unaonekana kama kofia.

Hapa ndipo tofauti ya singa na kusuka inapotoka wazi. Nywele za singa zimelala pamoja upande mmoja, hivyo mwanga unatoa utepe mmoja unaozunguka kichwa. Nywele za kusuka zinauvunja utepe huo kuwa vidoa vingi, kimoja kwa kila pingili. Ndiyo maana huwezi kutumia singa zilizopo kama malighafi. Mwanga wake umeshakaa vibaya.

Nywele za kujikunja zina ugumu wake, nao ni kinyume cha huu: badala ya kufichua, zinafunika. Nywele za kipilipili zikiachiwa zinapungua urefu sana, mara nyingi zaidi ya nusu, na kutanuka pande zote. Pembezoni hazina mpaka, mwanga unapita katikati yake na anga linaonekana kwa vipande. Anayekata mduara laini na kuujaza vikunjo amechora kofia nyingine. Sitaingia ndani zaidi, isipokuwa niseme kwamba afro lazima itupe kivuli chake juu ya paji la uso, na karibu wote wanakisahau.

Sasa suala la faili, ambalo tumelieleza mpaka tumechoka. Simu ya kawaida inatoa picha yenye pikseli kama 3000 kwa 4000. Katika picha ile kichwa kilikuwa na upana wa pikseli 700 hivi, na pingili moja ingepata pikseli kama 30. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, upande mrefu unaweza kushuka hadi 1600 hivi, na pingili ileile inabaki na pikseli kumi na mbili au tatu. Isitoshe, mbano wa JPEG unaigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo pingili nzima inaangukia kwenye mraba mmoja na nusu. Hapo hakuna fundi. Tuma kwa kuchagua Document, usichague Gallery.

Programu za simu zinazodai kubadilisha nywele kwa mguso mmoja zinabuni picha upya kutokana na picha nyingi zilizofundishiwa. Mistari inaanza minane mbele na kufika nyuma ikiwa mitano, misuko miwili inaungana bila sababu, na mara nyingi pua na taya navyo vimebadilika kidogo. Mteja anafurahia nywele, haoni kwamba uso si wake.

Kuhusu sheria, naomba tusomane taratibu. Picha ya pasipoti au kitambulisho haihaririwi nywele wala uso, hata kwa hisani. Studio inayoombwa hivyo ikatae. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu kuchapisha taarifa, ikiwamo picha, huku ukijua ni ya uongo na kwa nia ya kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Angalieni masharti hayo, kujua na kunuia. Familia iliyobadilisha picha ya ukumbusho wa nyumbani haiguswi. Saluni inayotangaza msuko wa kompyuta kama kazi ya mikono ya msusi wake inajisogeza karibu na kifungu hicho, na ushauri wangu ni iandike wazi kuwa picha imehaririwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inagusa sura ya mtu. Kuchukua kichwa cha mteja mmoja na kukitumia kwenye picha ya mwingine bila ridhaa yake si ubunifu. Mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa dawati letu, utaratibu ni huu. Leta faili la awali kutoka kwenye simu au kamera iliyopiga. Leta angalau picha nyingine mbili za siku hiyo, moja ikionesha sikio. Saini fomu ya ridhaa wewe mwenyewe uliye pichani. Shangazi hasaini kwa niaba ya mtu mzima. Nakala ya awali tunaihifadhi bila kuigusa, na iliyohaririwa tunaiandika hivyo kwenye jina la faili. Picha ya skrini hatupokei, na picha iliyopigwa kutoka kwenye picha iliyotundikwa ukutani pia hatupokei.