Mbona rangi ya nywele haishiki? Maswali na majibu

Nimepaka rangi nyeusi mara mbili mwezi huu. Nyuma imeshika, mvi za mbele ziko vilevile. Je, niliuziwa rangi feki?

Ingekuwa feki, isingeshika nyuma. Fikiria unapaka wapi jeli na mafuta ya mgando kila asubuhi: kwenye kingo za mbele. Rangi ya kudumu hufanya kazi ndani ya unywele. Amonia huinua vigamba vya nje, chembe ndogo za rangi hupenya, kisha peroksaidi huziunganisha humo ndani zikawa kubwa, zisiweze kutoka. Mafuta, silikoni na jeli iliyokauka hufunika vigamba hivyo, rangi ikabaki juujuu na kuondoka ukisuuza. Mvi zenyewe hazipenyeki kirahisi, ndiyo maana kasoro huonekana kwazo kwanza.

Nyunyizia maji mahali hapo. Yakisimama matone badala ya kulowesha, huenda bado pana mafuta. Siku moja kabla ya kupaka rangi, osha mara 2 kwa shampuu ya kuondoa mabaki, ukianzia kingoni, wala usipake kitu kingine baada ya hapo. Sugua kwa ncha za vidole, si kucha. Rangi nyingi nyeusi zina PPD, kemikali inayotia weusi, nayo huchoma na kuwasha zaidi kwenye ngozi iliyochubuka.

Mimi sipaki mafuta, lakini rangi hutoka mabaka kichwa kizima. Hapa Mombasa tunaogea maji ya kisima. Yanahusika?

Yanaweza kuhusika sana. Mwamba wa matumbawe ulio chini ya Mombasa ni chokaa, na maji yanayopita humo huyeyusha kalsiamu. Ikikutana na sabuni hufanya utando unaoganda kwenye nywele. Pima hivi: tia maji kwenye chupa hadi nusu, ongeza vipande vidogo vya sabuni ya mche, tikisa. Povu likiwa haba na maji yakafanya ukungu mweupe, ni maji magumu. Usipime kwa sabuni ya maji ya vyombo, kwani hiyo hutoa povu hata humo.

Tumia shampuu ya kuondoa madini, yenye EDTA, uiache kwa muda ulioandikwa, kisha suuza kwa maji ya mvua. Siki, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji, hulegeza utando mwepesi wa chokaa. Chuma haikiwezi.

Na chuma ndicho cha kuogopa. Ndoo zikiwa na madoa ya kutu, kata kishungi kidogo cha nywele, kitie kwenye rangi iliyochanganywa, ukiangalie kwa dakika 30. Kikipata moto au kutoa mapovu, usipake kichwani: madini yanavunja peroksaidi haraka mno, na nywele zinaweza kukatika.

Kwa nini nisiiache tu rangi saa nzima, au nitumie peroksaidi kali zaidi?

Kwa sababu utando utabaki palepale, huku ngozi na nywele zisizo na utando zikiungua. Fuata dakika za kwenye pakiti. Saa 48 kabla, jaribu rangi kidogo nyuma ya sikio. Ukiwashwa au ukivimba, hata kama nywele ni safi kabisa, rangi hiyo si yako.