Mvua si M-MI: soma kiambishi, usisome herufi

Nimeletewa tena orodha ya nomino zilizopangwa kwa ngeli, na "mvua" imekaa kati ya "mti" na "mkate". Nilipouliza sababu, jibu likawa lile lile: inaanza na M. Nimechoka kulisikia, kwa hiyo leo nashughulika na hiyo M peke yake.

Chukua orodha hii: mtoto, mkate, mvuvi, mvua, mbuyu, mbuzi, mbavu, mbao. Zote zinaanza na herufi moja, lakini hazina kiambishi kimoja. Kiambishi ni kile kinachobadilika nomino inapoingia katika wingi, basi kabla ya kuandika ngeli yoyote pembeni, tafuta wingi. Mtoto, watoto. Mkate, mikate. Mvuvi, wavuvi. Mbuyu, mibuyu. Hapo M imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na WA- au MI-. Hizo nne zimekwisha.

Sasa jaribu mvua. Hakuna "mivua" wala "wavua". Tunasema mvua inanyesha, mvua zinanyesha, na neno lenyewe halitikisiki. M hii ni sura nyingine ya kiambishi N-, kile kile unachokiona katika ndizi, ngoma na njia. N ikitangulia b au v hutamkwa kwa midomo, ikawa m. Ikitangulia k, p, t au f, mara nyingi hupotea kabisa, ndiyo maana wingi wa ukuta ni kuta na wa ufunguo ni funguo. Anayetafuta kiambishi kwa macho tu hawezi kukiona mahali ambapo hakipo.

Sikio husaidia kuliko jicho. Tamka mbuyu taratibu: m-bu-yu, silabi tatu, M ikisimama peke yake. Tamka mbuzi: mbu-zi, silabi mbili, M imeshikana na b. Vivyo hivyo m-vu-vi na mvu-a. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, lakini mzungumzaji huitoa bila kufikiri. Kipimo hiki kina mpaka wake: katika mbwa na mbu M hubeba silabi ingawa ni ya N-, kwa sababu kilichobaki baada yake ni kifupi mno. Kwa maneno mafupi hivyo, rudi kwenye wingi.

Mbuzi ndiye anayewagombanisha watu, na hapa naomba subira. Mmoja anasema yumo A-WA kwa kuwa mbuzi amekula, mbuzi wamekula. Mwingine anasema yumo pamoja na njia na ndizi kwa kuwa umbo lake halibadiliki. Wote wawili wamesema kweli, ila wamejibu maswali mawili tofauti. Kiambishi cha nomino ni jambo moja, na upatanisho wake na kitenzi ni jambo jingine. Majina A-WA, I-ZI na U-I yametokana na viambishi vya kitenzi, si vya nomino. Kwa hiyo ukiambiwa upange kwa upatanisho, mbuzi, kijana, chura na kipofu wote wanakwenda A-WA, hata kama vijana na vyura wana VI- na VY- waziwazi. Ukiambiwa upange kwa kiambishi cha nomino, kijana anakaa na kiti. Zoezi lisilosema linataka kipi limekosewa na aliyelitunga, na mwanafunzi asinyang'anywe alama.

Upatanisho nao hauko safi kama vitabu vinavyoupanga. Rafiki amekuja, A-WA bila shaka. Lakini ni rafiki yangu, na marafiki zangu, kana kwamba kimilikishi kimebaki I-ZI. Ndiyo maana napima kwa kitenzi kwanza, si kwa kimilikishi.

Zimebaki mbavu na mbao, ambazo tayari ni wingi: ubavu, ubao. U- imeondoka, N- imeingia na kugeuka m mbele ya b. Ngeli U-ZI: ubavu unauma, mbavu zinauma. Anayetafuta wingi tu asingejua la kufanya nazo, kwa hiyo tafuta umoja pia pale wingi unapogoma.

Lakini mbao inanisumbua. Fundi atakwambia "mbao hii imepinda" akiwa na kipande kimoja mkononi, na haoni haja ya ubao, ambao kwa wengi sasa ni ule wa kuandikia. Kwake mbao ni umoja, I-ZI kamili. Mimi huiandika mara mbili: U-ZI pamoja na ubao, na I-ZI pale sentensi inaposema "mbao hii". Wenzangu wengine hukataa hiyo ya pili. Sijaona hoja yao ikishinda usemi wa mafundi.