Matatu iliyouzwa mnadani: hasara yake ni kiasi gani?

Kazi yangu hapa Nairobi ni kukadiria hasara ya mikopo ya magari, hasa matatu. Fomula yenyewe ni fupi:

```
EL = PD × LGD × EAD
```

EL ni hasara tunayotarajia. PD ni uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, kwa kawaida ndani ya miezi 12. LGD ni sehemu ya deni itakayopotea akishashindwa, na EAD ni deni litakalokuwa limesimama siku hiyo. Kwa mkopo wa matatu, EAD haisumbui sana: ni salio pamoja na riba iliyolimbikizwa. Kwenye ovadrafti ni tofauti, maana mteja aliyebanwa huchota mpaka kikomo kabla hajakwama, kwa hiyo salio la leo halitoshi.

Vikao vingi hujadili PD kwa saa nzima, kisha LGD inapitishwa kwa dakika mbili. Mimi naona hapo ndipo pesa zinapopotelea. Tuchukue matatu moja ya mfano. Mwenye gari amekaa siku 90 bila kulipa, na deni ni shilingi 1,500,000. Gari linakamatwa, linapelekwa yadi ya dalali, na baada ya mwaka mmoja linauzwa kwa 1,050,000. Mtu wa haraka atasema tumepoteza 450,000, yaani asilimia 30.

Lakini kuna ada ya dalali, kodi ya yadi, betri iliyokufa na tathmini ya gari. Tuseme ni 150,000, zote zikilipwa siku ya mauzo. Zinabaki 900,000. Halafu pesa hizo zimekuja mwaka mzima baadaye, na IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu iliyoanza kutumika mwaka 2018, inataka tuzipunguze thamani kwa riba halisi ya mkopo wenyewe. Riba ikiwa asilimia 16, tunagawanya 900,000 kwa 1.16 na kupata takriban 776,000. LGD sasa ni asilimia 48. Gari ni lile lile, na bei ya mnada haijabadilika.

Sasa tuseme tuna mikopo 200 ya aina hiyo, jumla shilingi milioni 300, na PD ni asilimia 6. Tunatarajia wakopaji 12 washindwe. Je, tuzidishe kwa 48? Hapana, si moja kwa moja. Miongoni mwa hao 12, huenda watatu wakapatana nasi, wakalipa malimbikizo na kuendelea bila hasara ya maana. Kama PD imewahesabu kwa sababu walifika siku 90, LGD nayo lazima iwahesabu. Tisa kwa asilimia 48 na watatu kwa sifuri, wastani ni asilimia 36, na hasara inayotarajiwa ni milioni 6.48. Mara nyingi PD hutoka idara moja na LGD idara nyingine, kila moja ikiwa na maana yake ya kushindwa kulipa. Njia rahisi ya kugundua ni kulinganisha orodha mbili za namba za mikopo. Zisipolingana, jibu la kuzidisha halina maana.

Angalieni pia magari ambayo bado yako yadi. Ukihesabu yaliyouzwa tu, unachukua yale yaliyopata mnunuzi upesi, na LGD inashuka bila haki.

Liko jambo moja zaidi ambalo hiyo milioni 6.48 inalificha. PD na LGD hupanda pamoja. Machi 2020 matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba wanane, na mwezi uliofuata safari za kuingia na kutoka eneo la jiji zikafungwa. Mapato yakikatika hivyo, wenye magari wanashindwa kulipa kwa wakati mmoja, na wale ambao wangenunua gari mnadani ni wenye matatu wenzao, nao wamekwama.

Basi gawa hali mbili zenye uzito sawa. Mwaka mwema: PD asilimia 2, LGD 22, hasara milioni 1.32. Mwaka mbaya: PD 10, LGD 50, hasara milioni 15. Wastani wa PD bado ni 6 na wa LGD bado ni 36, lakini wastani wa hasara ni milioni 8.16. Tofauti ya milioni 1.68 inatokana na kuzidisha wastani kwa wastani. Kwa hiyo mimi huzidisha ndani ya kila hali kwanza, ndipo natafuta wastani. Uzito wa hali zenyewe ni uamuzi wa binadamu, na nautaka uandikwe pamoja na sababu zake, ili mkaguzi akiuliza kwa nini mwaka mbaya umepewa nusu, apate jibu kwenye faili.